Inafika juu lakini haidakwi: kisa cha pendulamu na bolti ya gramu 12

Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho waliniita karakana jioni moja. Mezani palikuwa na kigari kidogo kinachoteleza kwenye reli ya alumini, kinavutwa na mkanda wa meno unaozungushwa na mota ya stepa. Ubavuni mwa kigari ilining'inia fimbo ya alumini ya sentimita 35, imeshikwa na beringi upande mmoja tu, kwa hiyo iko huru kuzunguka duara zima. Kazi yao ilikuwa hii: fimbo ianze ikiwa imelala chini kimya, kigari kiende mbele na nyuma kuibembeza mpaka ifike juu, halafu isimame wima pale juu na kubaki hapo.

"Mwalimu, juu inafika kila mara," mmoja akaniambia. "Tatizo haidakwi. Inapita."

Wakaniwashia mara kumi. Mara nne kigari kiliidaka fimbo kikatulia nayo. Mara sita fimbo ilifika juu, kidhibiti cha kusimamisha kikaingia kazini, kigari kikaruka kama kimegutuka, na fimbo ikaanguka upande wa pili. Kwa wiki mbili walikuwa wakibadilisha vizidishi vya kidhibiti cha kusimamisha, wakivipandisha na kuvishusha, wala hesabu ya nne kwa sita haikubadilika. Jambo hilo peke yake lilinionyesha kwamba ugonjwa hauko huko. Kama kidhibiti cha juu kingekuwa kibovu, hata zile mara nne fimbo isingetulia vizuri namna ile. Ukiigusa kwa kidole ilirudi wima bila shida. Kwa hiyo tulitakiwa kuangalia fimbo inapokabidhiwa na jinsi inavyofika pale.

Kwanza nieleze kwa nini kuna vidhibiti viwili. Kile cha kusimamisha ni cha mstari: kinachukua pembe ya fimbo, kasi yake ya kuzunguka, mahali kigari kilipo na kasi ya kigari, kila kimoja kinazidishwa kwa namba yake, vinajumlishwa, na jumla ndiyo mchapuko ambao kigari kinaamriwa. Hesabu hiyo ni ya kweli karibu na wima tu, pale ambapo sini ya pembe na pembe yenyewe ni karibu kitu kimoja. Fimbo ikiwa chini hesabu hiyo haina maana. Ndiyo maana safari ya kutoka chini mpaka juu inapewa kidhibiti kingine, kisichojali pembe ya kufikia. Chenyewe kinaangalia nishati tu.

Njia hii ya nishati inajulikana sana kutokana na makala ya Karl Johan Åström na Katsuhisa Furuta katika jarida la Automatica, mwaka 2000. Wazo lenyewe mtoto aliyewahi kukaa kwenye bembea analijua mwilini: sukuma pale ambapo msukumo unaongeza mwendo, acha ukitosha. Nishati ya fimbo tukiipima kwa kipimo ambacho ikisimama wima kimya ni 0 na ikining'inia kimya ni −2, basi programu yao ilikuwa na mistari hii:

```
E = w*w/(2*W0*W0) + cos(th) - 1;
a = kikomo(6*E*ishara(w*cos(th)), -3, 3);
a = a - 2*x - 1.5*v;
```

Hapa `th` ni pembe kutoka wima, `w` ni kasi ya fimbo kuzunguka kwa radiani kwa sekunde, na `W0` ni kasi ya asili ya mtikisiko mdogo wa fimbo ikining'inia. `x` ni umbali wa kigari kutoka katikati ya reli, `v` ni kasi yake, na `a` ni mchapuko kinaoamriwa. Mstari wa pili unasema: nishati ikiwa pungufu, chapua kigari kwa upande unaoiongeza, kisizidi mita 3 kwa sekunde kwa sekunde, ikikaribia sifuri, legeza. Pale chini inamaanisha kigari kichapuke kinyume na ncha ya fimbo inakoelekea. Zingatia kwamba uzito wa fimbo haumo. Kwa kuwa stepa inaamriwa mchapuko moja kwa moja, uzito unajifuta kwenye hesabu, na kitu pekee cha fimbo kinachohitajika kujulikana ni `W0`. Kumbuka hilo.

Kuna picha moja ninayoipenda katika hatua hii, na niliwachorea ubaoni. Kigari kikichapuka kwa 3 wakati mvutano wa dunia ni 9.81, kwa fimbo ni sawa na meza nzima kuinamishwa: "chini" yake mpya iko pembeni kwa nyuzi 17, maana tanjiti ya 17 ni karibu 0.306, yaani 3 kugawa kwa 9.81. Fimbo iliyokuwa imetulia sasa inajikuta iko nyuzi 17 mbali na chini yake, inaanguka kuelekea huko, inapita, na kuishia nyuzi 17 upande wa pili. Ukiipima kwa chini ya kweli, imefika 34. Sasa geuza mchapuko: chini imehamia upande mwingine, na kila nusu ya bembea inaongeza 34 nyingine. Kwa hiyo 34, kisha 68, kisha 102. Kuanzia hapo hesabu inabadilika kidogo kwa sababu juu ya mlalo upande wa kusukuma unageuka (ndiyo kazi ya `cos(th)` katika mstari wa pili), lakini bembea ya nne au ya tano inafika juu. Åström na Furuta walionyesha kwamba uwiano huu, mchapuko mkubwa kabisa kwa mvutano wa dunia, ndio unaoamua tabia nzima. Mota yenye nguvu huibembeza mara chache, iliyo dhaifu mara nyingi, ila zote hufika.

Mstari wa tatu wanafunzi waliuongeza wenyewe, na walifanya vema. Bila huo kigari hukimbia. Msukumo wa kwanza unaanza kigari kikiwa kimesimama na unadumu nusu mzunguko, karibu nusu sekunde, kwa hiyo kigari kinapata mita 1.5 kwa sekunde. Msukumo wa pili unakirudisha kwenye sifuri tu, haukirudishi nyuma. Wa tatu unakipeleka mbele tena. Baada ya bembea mbili kiko mwisho wa reli ya sentimita 80. Yale masharti madogo ya `x` na `v` yanakivuta katikati taratibu, polepole kuliko bembea ya fimbo, kwa hiyo hayagombani na kazi ya kuongeza nishati. Pia walijua kwamba fimbo ikiwa kimya kabisa `w` ni sifuri na amri ni sifuri, haitaanza milele, wakaipa kigutusho kimoja cha mwanzo.

Basi kosa liko wapi? Niliomba faili la rekodi tu, lile ambalo programu yao ilikuwa ikiandika kila milisekunde 5. Nikachora `E` peke yake.

Bembea nne za kwanza zilionekana nzuri ukiwa mbali. Ukisogea karibu, mstari wa nishati ulikuwa na mabonde. Kila fimbo ilipopita chini `E` ilishuka, ilipopanda ikarudi. Nikawaambia wazime mota, wainue fimbo kwa mkono mpaka mlalo, wasubiri itulie, waiachie huru, na warekodi. Fimbo iliyoachiwa huru haiongezewi nishati na mtu. Msuguano wa beringi unaipunguza kidogo kidogo, kwa hiyo `E` inapaswa kuwa karibu mstari ulionyooka unaoteremka taratibu. Yao ilianza −1.00 pale mlalo, ikazama mpaka −1.12 fimbo ilipopita chini, ikarudi karibu na −1 upande wa pili, ikazama tena. Nishati haiwezi kupotea ikipita chini halafu ikarudi. Kilichokuwa kibovu ni kipimo. Sehemu ya mwendo inahesabiwa ndogo kuliko ilivyo, na hiyo ina sababu moja tu katika mstari ule wa kwanza: `W0` ni kubwa mno.

"Hii namba mliipataje?" nikauliza.

"Kwa kanuni ya fimbo sare, mwalimu. Tatu mara g, kugawa kwa mara mbili ya urefu. Inatoa 42.0, kipeo chake 6.48."

Kanuni ni sahihi. Lakini nikashika ncha ya fimbo nikahisi kitu. Kulikuwa na bolti fupi na nati yake, imepenyezwa kwenye tundu la mwisho. Waliiweka mwezi uliopita ili fimbo iende polepole kidogo, wakaisahau. Tukaipima: gramu 12. Fimbo yenyewe gramu 60. Bolti ya moja ya tano ya uzito, ikikaa mwisho kabisa, inaongeza uzito wa kuzungusha kuliko inavyoongeza nguvu ya kurudisha, na kasi ya asili inashuka.

Hakukuwa na haja ya kukokotoa. Fimbo ikining'inia, izungushe kidogo tu, nyuzi kumi hivi, uhesabu bembea 20 kamili kwa saa ya simu. Wao walipata sekunde 20.7. Kugawa kwa 20 ni 1.035 kila moja, na mara mbili pai kugawa kwa hiyo ni 6.07. Kwa namba yao ya 6.48, bembea 20 zingechukua sekunde 19.4. Tofauti ya sekunde moja na robo, inayoonekana kwa macho, ilikuwa imekaa pale wiki mbili bila mtu kuitazama. Na kipimo hiki kina faida nyingine: kinachukua bolti, beringi, rangi, kila kitu kilichofungwa kwenye fimbo, bila kukuuliza kina uzito gani.

Sasa angalia kosa hilo linafanya nini njiani. Kidhibiti kinadhani nishati haijatosha wakati imeshatosha, kwa hiyo kinaendelea kuongeza. Fimbo inapokaribia juu, mwendo umepungua, na sehemu iliyokosewa ni ile ya mwendo. Kwa hiyo kosa linayeyuka na `E` inaanza kusema ukweli zaidi: imezidi. Kwenye rekodi, fimbo ilipofika nyuzi 20 kabla ya wima `E` ilisoma 0.14. Kidhibiti kikajaribu kuipunguza, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo.

Hapa ndipo nilipodhani tumemaliza. Wakabadilisha 6.48 kuwa 6.07, wakaiwasha. Ikadakwa mara nyingi zaidi, ila bado kuna zilizopita. Kosa la kwanza lilikuwa limefunika la pili, na la pili ndilo la kufundishia zaidi.

Sharti lao la kubadilisha kidhibiti lilikuwa hivi: pembe iwe chini ya nyuzi 20 kutoka wima, na `E` iwe kati ya −0.1 na 0.1. Linasikika lenye busara. Iko karibu na juu, na nishati ni ile inayotakiwa. Watu wengi huandika hivyo. Lakini tuitazame ile bembea iliyosoma 0.14, kwa kasi halisi zilizo kwenye rekodi.

Fimbo inaingia eneo la nyuzi 20, yaani radiani 0.35, ikija kuelekea wima kwa kasi ya 4.1. Sharti la pembe limetimia, la nishati halijatimia, 0.14 imezidi 0.1. Kidhibiti cha nishati kinabaki kazini, kinapunguza. Fimbo inapita wima. Iko nyuzi 10 upande wa pili, inaanguka kwa kasi ya 3.1, na hapo ndipo `E` inaposhuka mpaka 0.1. Sharti limetimia! Kidhibiti cha kusimamisha kinaitwa wakati fimbo imeshaondoka.

Nishati haijui kuja wala kuondoka. Karibu na wima, nishati ni nusu ya tofauti kati ya mraba wa kasi (ukiigawa kwanza kwa `W0`) na mraba wa pembe. Tofauti ya miraba miwili inagawanyika kuwa zao la vitu viwili: jumla na tofauti. Kwa hiyo `E` inakuwa sifuri kwa njia mbili. Ya kwanza, pembe na kasi zina alama tofauti na zinafutana: fimbo inakuja, na itaishiwa nguvu palepale juu. Ya pili, zina alama moja: fimbo inaondoka, na kila sekunde inazidi kuwa mbali. Nishati ni ileile, hatima ni kinyume.

Kinachotofautisha ni ile jumla peke yake. Tuiite `z`:

```
z = th + w/W0;
```

Mtoto akisimamisha fimbo ya ufagio kwenye kiganja, hapeleki mkono pale ncha ya juu ilipo sasa. Anaupeleka pale inakokwenda, na inakokwenda kunategemea ilipo pamoja na mbio zake. `z` ni hiyo. Ukiandika mlinganyo wa fimbo karibu na wima unakuta kwamba `z` inakua yenyewe kwa kiwango cha `W0`, na kitu pekee kinachoweza kuizuia ni mchapuko wa kigari ukigawanywa kwa mvutano wa dunia. Kwa hiyo kuna ukuta usiojadilika. Walikiruhusu kidhibiti cha kusimamisha kitumie mchapuko wa mpaka 6. Sita kugawa kwa 9.81 ni 0.61. `z` ikiwa ndani ya 0.61, mota ina uwezo wa kuirudisha. Ikiwa nje, hata ukiweka vizidishi vya namna gani, fimbo itaanguka, kwa sababu kigari hakiwezi kukimbia zaidi ya hapo.

Rudi kwenye ile bembea. Ilipoingia: 0.35 toa 4.1 gawa kwa 6.07, ambayo ni 0.68. `z` ni −0.33, ndani ya ukuta kwa mbali. Kigari kikichapuka kwa nguvu zake zote, `z` inarudi sifuri kwa karibu milisekunde 130. Pale sharti lao liliporuhusu: −0.17 toa 0.51, yaani karibu −0.69. Nje ya ukuta. Sharti la nishati lilikataa nafasi nzuri, likasubiri, kisha likakubali mbaya. Ndiyo maana wiki mbili za kubadilisha vizidishi hazikuzaa kitu: walikuwa wakimpa golikipa glovu mpya wakati mpira umeshavuka mstari.

Kuna jambo zuri la kuonyesha hapa kuhusu kidhibiti chao cha mstari. Baada ya kusahihisha `W0` tulikipanga upya kwa kuchagua nguzo, yaani namba zinazoamua kosa linafifia kwa haraka kiasi gani: mbili kwenye −7 kwa ajili ya fimbo na mbili kwenye −2 kwa ajili ya kigari, tukapata:

```
a = 40.3*th + 6.63*w + 5.33*x + 6.85*v;
```

Chukua namba mbili za mwanzo. Fimbo inayokuja na nishati sahihi kabisa ina `w` sawa na −6.07 mara `th`. Weka: 40.3 toa 6.63 mara 6.07, inabaki karibu sifuri. Yaani fimbo ikija vizuri, hata ikiwa bado nyuzi 20 mbali, sehemu ya fimbo katika kidhibiti inaomba karibu hakuna kitu. Makabidhiano hayana mshtuko. Lakini fimbo ikiwa nyuzi 20 na imesimama, inaomba 40.3 mara 0.35, zaidi ya 14, mara mbili na zaidi ya ruhusa. Pembe ileile, hali mbili tofauti kabisa. Ndiyo sababu pembe peke yake haifai kuwa mlango.

(Anayeshangaa kwa nini `x` na `v` zina alama ya kujumlisha: kigari kikiwa kulia na unataka kirudi kushoto, lazima kwanza kiende kulia zaidi kidogo ili fimbo iinamie kushoto, ndipo kikimbilie kushoto kuifuata. Kila mwanafunzi hugeuza alama hizo angalau mara moja, na kigari humfundisha kwa kwenda kugonga mwisho.)

Sharti jipya likawa pembe ndani ya 0.35 na `z` ndani ya 0.35. Kwa nini isiwe 0.61, ikiwa ukuta uko huko? Kwa sababu ukuta ule ni wa hesabu tupu. Enkoda yao, kifaa kinachosoma pembe ya fimbo, ina alama 2400 kwa mzunguko, na kasi wanaipata kwa kutoa usomaji wa sasa na uliopita. Alama moja ndani ya milisekunde 5 ni kasi ya 0.52. Ikigawanywa kwa 6.07, `z` yenyewe inarukaruka kwa 0.09 hata fimbo ikiwa haina kosa. Waliweka kichujio kwenye kasi, kikatuliza marukio, nacho kikaleta ucheleweshaji kidogo. Ongeza kwamba kigari huenda tayari kinakimbia. Nusu ya ukuta na kidogo zaidi ni mahali pa haki.

Pia tukaweka mlango wa kutokea kuwa mpana kuliko wa kuingilia. Kuingia ni 0.35, kutoka ni pale pembe inapozidi 0.6. Mwanzoni vilikuwa namba moja, na kwenye rekodi niliona sehemu ambapo vidhibiti viwili vilipokezana mara tano ndani ya sekunde moja, kimoja kikivuta huku, kingine kule, fimbo ikiwa pale pale mpakani. Kila kimoja kilikuwa sahihi kwa kazi yake.

Tulipowasha, bembea ya tano ilifika na `E` ya 0.03 tu. Kwenye nyuzi 20 `z` ilikuwa −0.08 na kidhibiti kikaomba mchapuko wa 3 hivi kwa ajili ya fimbo, nusu ya ruhusa. Kigari hakikuruka. Kilisogea, fimbo ikasimama, na wale vijana wakakaa kimya wakiitazama kwa muda kabla ya yeyote kusema kitu.

Ila kigari kilitulia sentimita 13 pembeni ya katikati. Hilo pia lina usomaji wake. Kikiwa kimetulia, amri ni sifuri, kwa hiyo 40.3 mara kosa la pembe lazima lifutwe na 5.33 mara `x`. Sentimita 13 ni kosa la nyuzi moja. Enkoda yao huwekwa sifuri fimbo ikining'inia wakati wa kuwasha, na beringi yenye grisi nzito ilikuwa ikiiacha fimbo pembeni kwa nyuzi moja. Tukaifuta grisi, tukaweka mafuta mepesi ya cherehani, na kigari kikarudi karibu na katikati.

Kati ya zile zilizobaki kushindwa, zote zilikuwa za namna moja: `z` nzuri, lakini kigari kiko mbali na kinakimbia kuelekea mwisho wa reli. Kudaka fimbo inayopita kunahitaji kigari kiifuate, na ile `z` ya −0.33 peke yake inakipa kasi ya karibu mita 0.8 kwa sekunde. Kama tayari kilikuwa na nusu mita kwa sekunde upande huohuo, reli haitoshi. Tukaongeza sharti la tatu, kwamba `x` pamoja na theluthi ya sekunde ya `v` isizidi sentimita 20 kutoka katikati. Isipotimia, fimbo inaachwa ipite. Nishati yake iko karibu na sifuri, kwa hiyo itarudi juu baada ya bembea moja, na mara hiyo kigari kitakuwa kimeshasogea.

Hapo ndipo kosa la mwisho lilipojitokeza, na kama si sharti hilo jipya lingebaki limejificha mpaka siku ya kuwasilisha. Fimbo iliachwa ipite, ikazunguka duara, ikapanda tena upande wa pili. Ikafika wima. Masharti yote matatu yalipaswa kuruhusu, lakini hakuna kilichotokea. Fimbo ikaendelea kuzunguka kama haionekani. Tukajaribu kwa njia nyingine: fimbo ikiwa imesimama, mmoja akaipiga kwa kidole kwa nguvu ianguke. Ilizunguka, ikafika juu, ikapuuzwa tena. Enkoda ilikuwa inahesabu bila kukoma. Wima baada ya duara moja, kwake, si 0. Ni 6.28. Sharti linaona pembe ya nyuzi 360 na linakataa, na kama lingekubali ingekuwa mbaya zaidi, maana 40.3 mara 6.28 ni amri ya zaidi ya 250. Kosini haikuathirika, ndiyo maana kidhibiti cha nishati kiliendelea kufanya kazi vizuri na kuficha kila kitu.

```
th = atan2(sin(th), cos(th));
```

Mstari huo mmoja uliwekwa juu kabisa, kabla ya `E`, kabla ya `z`. Akaipiga tena kwa kidole. Fimbo ikaanguka, ikazunguka chini, ikapanda upande wa pili polepole zaidi na zaidi, na kigari kikaenda kuipokea.